Kuku Waliokataa Kufa

Mpaka leo siwezi kuvaa nguo ya pinki. Nikiiona rangi hiyo, hata kwenye keki ya harusi, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Wajukuu hunicheka. Wacha wacheke, wao hawakuwahi kushinda kutwa nzima wakifunga mbegu za mahindi kwenye karatasi za nailoni katika duka la Matiliku, wala hawakumjua mwenye duka lile.

Nilianza kazi pale baada ya ndoa kunishinda. Nilirudi kwa mama na mabegi yangu, na mama hakuniuliza kitu. Alinionyesha tu pa kulala. Shamba letu lilikuwa chini kidogo ya soko, ardhi nyekundu yenye mawe, na mama alililima peke yake tangu baba afariki. Kaka yangu alikuwa Mombasa na kila akija likizo wimbo wake ulikuwa mmoja: mama aache shamba, ahamie kwake. Mama hakutaka hata kusikia. Mke wa kaka yangu alikuwa amemkalisha kwenye kaa la moto kila alipokwenda kuwatembelea, akimhesabia vijiko vya sukari anavyoweka kwenye chai. Lakini mvua zilikuwa zimekataa mara mbili mfululizo, na tulikuwa tumekula hadi mbegu tuliyoning'iniza juu ya jiko. Kaka yangu akasema, naye hakuwa na utani, kwamba shamba likikataa tena atakuja kumchukua mama mwenyewe, apende asipende. Mama akakubali. Alidhani mvua ya Novemba haiwezi kumtupa mara ya tatu.

Sasa nieleze kazi yangu. Mbegu bora ya mahindi mafupi, ile inayokomaa upesi kabla mvua yetu haijakatika, ilikuja kwenye gunia au kwenye pakiti za kilo mbili. Kwa watu wa nyanda za juu kilo mbili si kitu. Kwetu ilikuwa nyingi. Mama mwenye kipande cha shamba alitaka mahindi kidogo, kunde kidogo, ndengu kidogo, mbaazi za kuzungushia ukingo, ili kimoja kikikataa kingine kikubali. Alikuja na pesa zake zimefungwa kwenye ncha ya leso, akasema, "Nipimie kikombe tu." Kwa hiyo tulifungua magunia, tukapima kwa kikombe cha bati, tukatia kwenye nailoni, tukakunja mdomo wa nailoni juu ya wembe wa msumeno na kupitisha mwali wa mshumaa pale ukingoni hadi ushikane. Mbolea tulifanya vivyo hivyo, ila mbolea ilikuwa balaa zaidi. Ukiiacha wazi siku ya mawingu inavuta unyevu, inalowa na kuganda, na vidole vinawashwa hadi usiku. Nilikula ugali wenye ladha ya mshumaa na mbolea kwa muda mrefu.

Mbegu ilikuwa ya pinki kwa sababu ya dawa. Kiwandani waliipaka unga wa sumu ili mchwa, siafu na wadudu wa ardhini wasiile. Unga ule ulipanda puani. Ukifungua gunia unapiga chafya hadi machozi yanatoka, na ukigusa kikombe cha chai kabla ya kunawa unaharisha. Kila mtu alijua hivyo. Na kila mtu, kuanzia Nunguni hadi kwetu, alijua kwamba pinki ndiyo mbegu ya serikali. Hakuna aliyesoma lebo. Wengi hawakuweza, na hata walioweza, lebo ilibaki kwenye gunia dukani. Kilichotembea kwenda shambani kilikuwa kile kifuko chetu cha nailoni, na rangi.

Kwa sababu ya sumu hiyo kulikuwa na desturi moja kila msimu wa kupanda. Sisi hupanda ardhi ikiwa kavu, kabla ya tone la kwanza, ili mvua ikigonga ikute mbegu tayari. Mbegu inalala mchangani siku nyingi bila kufanya lolote. Kuku nao ni wezi. Wakijua kuna mbegu wanachakura mstari mzima. Basi wiki ile ya kupanda, kuku wote walifungwa mguu kwa kamba ya katani, au waliwekewa kizimba, na watoto walichapwa wakimwachilia hata kifaranga. Si kwa kuhurumia mbegu tu. Kuku aliyekula mbegu ya pinki alikufa kabla jua halijazama, shingo imepinda, na hakuliwa. Alizikwa mbali.

Mwenye duka alikuwa mzee wa kanisa. Mtu mnene, msafi, mwenye leso nyeupe ya kujifutia jasho na sauti laini ya kumwita kila mtu "mpendwa." Sijui kama mimi ni mkali kupita kiasi, lakini sauti ile ilinikera tangu siku ya kwanza. Alikuwa na tabia ya kukushika mkono wakati akikusalimia na kuendelea kuushika, viganja vyake vimelowa, huku akikuuliza habari za wokovu wako. Ukitoa mkono unajisikia kuufuta kwenye sketi. Niliufuta. Aliniona mara moja na akatabasamu.

Kila mwaka kabla ya mvua, kanisa lilikuwa na Jumapili ya mbegu. Watu walileta mbegu zao mbele, wengine kwenye vyondo, vile vikapu vyetu vya kusuka, wengine kwenye vifuko vyetu vya nailoni, na mchungaji aliziombea. Mwenye duka ndiye aliyesimama kando ya mchungaji akishika kile kitambaa chake cheupe, akiitikia amina kwa nguvu. Ukiwaza, ilikuwa biashara nzuri. Mbegu iliyonunuliwa kwake ndiyo iliyoombewa, na yeye ndiye aliyeiitikia amina.

Mwaka ule kila mtu alikuwa amekula mbegu yake kama sisi. Dukani watu walianza kupanga foleni mapema, wakisimama kwenye veranda na leso zao. Lori la mbegu halikuja. Tuliambiwa litakuja wiki ijayo, kisha ijayo. Wanawake walinijia nyumbani kwa mama kuniuliza kama kuna kilichofichwa. Nikawaambia ukweli, kwamba hakuna.

Kisha asubuhi moja nilifika dukani nikakuta maboksi ya vifuko vya mbegu yamejaa hadi dirishani. Vimefungwa tayari, vimechomwa mdomo kwa mshumaa, vya pinki.

"Lori limekuja usiku," mwenye duka aliniambia. "Mimi na mama wa nyumbani tumefunga yote. Nimekuonea huruma, mpendwa, hiyo kikohozi yako."

Kwa kweli nilishukuru. Kifua changu kilikuwa kibovu kwa ajili ya ule unga, na kuuza vifuko vilivyofungwa tayari ilikuwa starehe. Nikaviuza. Wanaosoma haya wakisubiri niombe msamaha kwa kuviuza, watasubiri sana. Nilikuwa kaunta, vifuko vilikuwa vimefungwa, na aliyejua alikuwa mtu mmoja na mkewe. Mama yangu alinunua kama wengine, na alifurahi.

"Mbegu ya mwaka huu imenona," alisema, akivibonyeza kwa vidole. "Ona vile ni kubwa."

Ilikuwa kweli. Punje zilikuwa kubwa na bapa. Mbegu yetu ya kawaida ni ndogo, ngumu, ya mviringo kidogo. Lakini nani hulalamika kwamba punje ni kubwa?

Jumapili iliyofuata mbegu ziliombewa. Mama aliweka vifuko vyake mbele pamoja na vya wengine, na mwenye duka akaweka mkono juu ya lile rundo la pinki, akafumba macho. Nilikuwa kiti cha nyuma. Niliona midomo yake ikitetemeka kwa maombi. Nikikumbuka midomo ile leo, naamini kwamba kuna watu ambao Mungu anapaswa kuwapiga pale pale, na sijui ni kwa nini hawapigi.

Tulipanda kavu, mama na mimi, mama akichimba kwa jembe na mimi nikiangusha mbegu na kufukia kwa mguu. Kuku wa mama walikuwa wamefungwa chini ya ghala. Alikuwa na kuku mmoja mweupe mwenye madoa, mtagaji, aliyempenda kuliko sisi watoto wake. Siku ya pili ya kupanda kuku yule alikata kamba. Tulimkuta katikati ya shamba, ameshachakura karibu mstari mzima, koo limejaa hadi limeegemea upande mmoja, na vumbi limemjaa usoni.

Mama alikaa chini pale pale kwenye udongo.

"Hii kuku imekufa," alisema. "Usiipige, wacha. Imekufa tayari."

Alimbeba hadi nyumbani, akamwekea maji, akamweka kivulini na kukaa karibu naye. Alikuwa akimsubiri afe ili amzike kabla mbwa hawajamfikia. Jioni kuku alikuwa bado anatembea. Mama akasema sumu ya mwaka huu ni ya polepole. Asubuhi tukakuta kuku yule ametaga yai ndani ya kikapu cha mama cha nyuzi za katani.

Mama aliliinua yai lile juu kwa mikono miwili. "Ngai ni mwema," alisema. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nirudi.

Mimi sikucheka. Nilichukua kifuko kimoja kilichobaki, nikakipasua, nikainusa mbegu. Haikunuka kitu. Hakuna unga uliopanda puani, hakuna chafya. Nikalowesha kidole gumba kwa mate na kusugua punje moja. Mbegu ya dawa ukiisugua hivyo unga unatoka, unabaki na punje nyeupe na kidole cha pinki. Hii haikutoka. Rangi ilikuwa imeingia kwenye ngozi ya punje. Nilisugua hadi kidole kikauma.

Rangi ile niliijua. Kila mwanamke wa Ukambani anaijua. Ni ile ya unga inayouzwa kwenye vikaratasi vidogo sokoni, tunayotia kwenye maji kuchovya nyuzi za katani za kusukia vyondo. Mama mwenyewe alikuwa na kyondo chenye mistari ya pinki ile ile, kikining'inia ukutani nyuma ya kichwa chake, na alikuwa amesimama mbele yake akiwa na yai mkononi akimshukuru Mungu.

Nilienda dukani bila kunawa. Nilipitia nyuma ya nyumba ya mwenye duka, upande wa stoo, na pale uani nikakuta mkewe akikunja mkeka. Mkeka ulikuwa na madoa ya pinki. Kando yake kulikuwa na karai kubwa lenye maji mekundu, na magunia matupu. Yalikuwa magunia ya mahindi ya kula, yaliyotoka nyanda za juu huko mbali, yale ya bei rahisi ya kusaga unga. Mahindi yanayochukua karibu nusu mwaka kukomaa, na mvua yetu haifiki miezi miwili. Mwanamke yule alinitazama na macho makavu kabisa. Hakuona haya hata kidogo.

Mwenye duka alikuwa ndani akinywa chai na mkate uliopakwa siagi.

"Umepaka rangi ya vyondo mahindi ya kula," nilimwambia.

Aliendelea kutafuna. Siagi ilikuwa imekwama kwenye kona ya mdomo wake. "Mpendwa," alisema, "watu walikuwa wanalia. Wewe uliona vile walikuwa wanalia. Ningewaacha bila kitu?"

"Hii haiwezi kukomaa kwetu."

"Mahindi ni mahindi. Itaota. Mvua ni ya Mungu, si yangu." Akajifuta mdomo kwa leso yake nyeupe, akaiangalia leso, akaikunja upya ili upande mchafu uwe ndani. "Na wewe ndiye umeuza, kumbuka. Si mimi."

Mtu akiniuliza ni nini kilichonitia kinyaa zaidi katika maisha yangu, si vita wala maiti. Ni ule mkunjo wa leso.

Niliondoka pale nikijua kuwa bado kuna muda. Mvua haikuwa imepiga. Mbegu ilikuwa ingali imelala mchangani, na mtu angeweza kupanda kitu kingine katika mashimo yale yale: ndengu, kunde, mawele, chochote kinachowahi. Lakini ilibidi watu waambiwe, na upesi.

Niliwaambia wanawake waliokuwa wakisuka vyondo kwenye kivuli cha jengo la soko. Walinisikiliza wakisuka. Kisha mmoja wao, mjane mwenye ulimi mkali, akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikasema bado. Akasema nitakapofukuzwa nitasema hata kwamba mwenye duka ni mchawi. Wengine wakacheka. Niliwapa punje wakasugua kwa mate. Wakatazamana. Mmoja akasema labda serikali imebadilisha dawa.

"Basi tupeleke kwa kuku," mjane akasema. "Kuku haidanganyi."

Sikuwahi kuona mtihani kama ule tena. Tulikutana kwenye uwanja wa mjane asubuhi iliyofuata, na kila mwanamke aliyetaka kujua alileta kuku mmoja. Walipofika ugomvi ulianza palepale, kwa sababu kila mmoja alikuwa amechagua kuku ambaye hangemlilia sana. Mmoja alileta jogoo kiwete, kipofu wa jicho moja, na wenzake wakamkemea kwamba jogoo yule angekufa hata kwa kula ugali. Mwingine alileta kuku aliyekuwa akitema makamasi. Ikabidi mjane, kwa aibu, atoe kuku wake mzuri mweusi. Mimi nilikuwa na konzi moja ya mbegu ya dawa halisi ya msimu uliotangulia, niliyokuwa nayo kwenye kopo nyumbani. Tulimpa jogoo kiwete ile halisi. Kuku wengine tuliwapa mbegu ya mwenye duka.

Kisha tukakaa kungoja.

Jogoo alikufa kabla ya chakula cha mchana, na shingo yake ilipinda kama wote tulivyojua. Mwenye jogoo alisonya na kusema alijua, alijua tangu mwanzo. Kuku wale wengine waliendelea kuchakura. Jua likapanda, likapita juu ya vichwa vyetu. Kuku mweusi wa mjane alijitupa kwenye vumbi na kujioga. Nilitazama nyuso za wanawake wale. Walikuwa wakitamani kuku wao wafe. Walikuwa wakiwaombea kifo, kila mmoja kimya kimya, mama mmoja akinong'ona "kufa, kufa" kwa kuku aliyemlea tangu akiwa yai. Kuku walikataa. Mwisho mjane alinyanyuka, akamshika kuku wake mweusi na kumbana kwapani.

"Ametulisha rangi ya kyondo," alisema.

Wengi wa wanawake wale walirudi mashambani siku ile ile. Wengine waliazimana ndengu, wengine walitoa mawele ya kupikia uji wa watoto, wakapanda. Sitasema walifanya vizuri. Walifanya walichoweza, na mvua ilipokuja kulikuwa na kitu cha kweli ardhini.

Mama hakukubali. Nilimsihi. Nilimwambia habari za karai, mkeka, jogoo. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, kama unavyomsikiliza mtu mgonjwa wa homa.

"Wewe umekasirika," alisema. "Tangu bwana yako akufukuze, unaona kila mwanaume ni mwizi."

Hakuwa mwovu, mama. Ndivyo alivyoona. Nikamwambia, basi tuangushe ndengu tu katika mashimo yale yale, bila kung'oa kitu. Akasema ukichanganya kitu kilichoombewa na kitu kisichoombewa, unamdharau aliyeombea. Kisha akaingia jikoni.

Jumapili kulikuwa na kikao baada ya ibada. Mjane alisema, na mimi nikasema. Mwenye duka alisimama mbele akiwa na leso mkononi. Hakukana kwamba kuku hawakufa. Hakuweza, wanawake wengi walikuwa wameona kwa macho yao. Alifanya jambo ambalo sikulitegemea, na ambalo bado linanifanya nitake kutema mate.

"Wapendwa," alisema, "hii mbegu tuliiombea hapa. Mkono wangu uliwekwa juu yake. Mimi nauliza tu. Mungu ambaye analinda watu wake, hawezi kulinda na kuku zao?"

Kisha mtu mmoja mbele akasema amina. Mwingine akasema amina. Ndipo amina ikazagaa kanisa zima, na wimbo ukaanzishwa, na niliangalia kiti cha wanawake nikaona mama yangu amesimama akiimba huku amefumba macho. Sauti yake ilikuwa nzuri. Niliichukia siku ile.

Kazi ikaisha. Sikuhitaji kufukuzwa, sikurudi tu.

Mvua ilipiga vizuri sana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba mvua haikuwa na ubaya wowote. Mahindi ya mama yaliota yote, na yakakua kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona pale kwetu, majani mapana, mabua manene yaliyompita mtu mrefu. Watu waliokuwa njiani kwenda sokoni walisimama kuyatazama. Mama alisimama kwenye ukingo na mikono nyuma, akipokea pongezi. Mjane alipita na jembe lake begani, akatazama, akaendelea na njia yake, na mimi nilianza, Mungu anisamehe, kutumaini. Nilitaka kuwa mwongo. Nilitaka mwenye duka awe na haki na mimi niwe mchungu wa ndoa iliyovunjika, ili mama abaki.

Kufikia Krismasi mvua ilikatika, kama inavyokatika kila mwaka. Kwa jirani aliyepanda mbegu fupi aliyoipata kwa ndugu yake kule Kanyangi, mahindi yalikuwa yametoa mbelewele na yalikuwa na ndevu. Ya mama yalikuwa hayajatoa kitu. Yalisimama tu, makubwa, ya kijani kibichi, tasa. Mwezi wa kwanza majani yakaanza kujikunja mchana. Machache yalitoa mbelewele, halafu upepo ukazikausha. Ndani ya maganda hapakuwa na punje. Mama alimenya moja, akamenya la pili, akamenya la tatu. Akaacha.

Ndengu za mjane zilikuwa zimeshavunwa. Alituletea debe dogo. Mama alimshukuru, akazichambua kwenye ungo, na hakuzungumza kuhusu kuku.

Kaka yangu aliandika kwamba anakuja, ila nauli ya mama tutafute wenyewe. Nikadhani mambo yameishia hapo.

Lakini mwenye duka alikuwa amenunua ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, na ukame ulikuwa umekausha nyasi zote. Alikuja na pikapu yake asubuhi moja akiwa amevaa gambuti, akatembea ndani ya shamba la mama, akakamata bua moja na kulivunja na kuangalia utomvu wake. Alipotuona akaja na mkono wa kunisalimia. Niliweka mikono yangu nyuma. Mama akampa wake, na akaushika muda mrefu kama kawaida yake.

"Mama," alisema, "hii majani ni nzuri sana kwa ng'ombe. Nitachukua yote. Nitakulipa, siwezi kuchukua bure kwa mjane kama wewe."

Mama alimtazama. Nilisubiri. Nilifikiri sasa, kwa hakika sasa, atamtemea mate. Angenitosha hata kama angegeuka tu na kuingia ndani.

"Asante, mwanangu," mama alisema. "Umenisaidia. Nilikuwa sijui nauli ya Mombasa nitatoa wapi."

Akamshukuru mara ya pili. Alimaanisha kila neno. Mwenye duka akainamisha kichwa, akajifuta jasho, akasema tuombe kidogo kabla ya kukata, na mama akafumba macho. Walipomaliza, mama aliniambia nichukue panga nisaidie kupakia, kwa sababu mgongo wake ulikuwa unamuuma na mgeni asiachwe akifanya peke yake.

Nilikata mabua yale yote na kuyapakia kwenye pikapu ya yule mtu, na mama akaenda Mombasa kwa pesa hizo. Alifia huko, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mkwewe.